Sita kwa nane na tatu kwa nne: wewe ulizitofautishaje? Tupeane uzoefu

Teno wa Pili: Wakuu, kwaya yetu inajifunza wimbo wa sita kwa nane, na kila tukifika kwenye kiitikio unageuka walzi. Kila kipimo kina noti sita za nane, na tatu kwa nne nayo inabeba sita hizohizo. Aliyewahi kukwama hapa alijinasuaje?

Besi Mzito: Sita kwa nane ni tatu kwa nne iliyokimbizwa tu. Ongeza mwendo, itakaa.

Bi Alto: Hapana ndugu yangu, si mwendo. Nilihangaika sana mpaka mwalimu akaniambia niache kuhesabu, niseme maneno. Sema "mama na baba na, mama na baba na", mguu ushuke penye MA na BA. Umeshuka mara mbili, na kila pigo limebeba silabi tatu. Hiyo ndiyo sita kwa nane. Sasa sema "mama, baba, kaka" kwa kasi ileile. Silabi bado ni sita, ila mguu umeshuka mara tatu. Hata kwenye karatasi mikia ya noti za nane hufungwa tatu-tatu, siyo mbili-mbili.

Besi Mzito: Nimejaribu jikoni, mguu umebadilika kweli. Lakini walzi ikikimbia sana, mbona nasikia pigo moja lenye tatu ndani?

Bi Alto: Hapo umesema kweli. Walzi ya haraka huongozwa pigo moja kwa kipimo. Vipimo viwili vikifuatana, sikio linaweza kudhani ni sita kwa nane.

Mwana wa Pwani: Mimi nota sisomi, napiga ngoma ya chakacha. Kwetu mmoja anashika mbili, mwenzake anaweka tatu juu yake, na wote tunakutana mwanzo wa mzunguko. Sasa hiyo mtaiandika vipi?

Mpiga Kinanda: Mimi ningeandika sita kwa nane, maana miguu ya wachezaji inafuata mbili. Mwingine atakataa. Teno, mnatumia metronomu ya simu?

Teno wa Pili: Ndiyo. Karatasi inasema robo yenye nukta ni 60. Simu inahesabu robo za kawaida, kwa hiyo mwalimu kaweka 90.

Mpiga Kinanda: Hesabu ni sahihi: mapigo 60 yenye noti tatu za nane ni noti 180 kwa dakika, na robo ina mbili, basi 90. Lakini sasa mlio unaanguka kila baada ya noti mbili, yaani mara tatu kwa kipimo. Hiyo ndiyo walzi yenu! Wekeni 60, kila mlio mjaze tatu kwa mdomo.

Teno wa Pili: Jana tumejaribu. Soprano wameshika, sisi teno bado tunateleza kwenye kiitikio, penye neno "Bwana" lililowekwa robo mbili. Hapo hata mama na baba hawasaidii.

Bi Alto: Na robo ya tatu ipo? Tupia picha ya kipimo hicho. Huenda mtunzi kaingiza tatu makusudi.