CV yangu ya zamani imejaa "kupokea" na "kutunza" tu. Mafanikio yanayopimika nayatoa wapi?

Mlinda Rafu

Wakuu, habari za wakati huu.

Nilifanya kazi ya kutunza stoo ya vipuri kwa miaka minne, 2017 hadi 2021, kisha nikaenda kusaidia shughuli za familia. Sasa natafuta kazi tena. Nimeifungua CV yangu ya mwisho na imenivunja moyo. Sehemu ya kazi hiyo inasomeka hivi:

– Kupokea na kukagua mizigo inayoingia stoo.
– Kutunza kumbukumbu za stoo.
– Kuandaa ripoti ya mwisho wa mwezi.
– Kazi nyingine kadiri nitakavyoelekezwa na msimamizi.

Nimeomba nafasi 11, sijaitwa hata moja. Rafiki yangu anayehusika na ajira kazini kwake aliisoma akaniambia, "Haya ni majukumu uliyopangiwa. Yeyote aliyewahi kushika ufunguo wa stoo anaweza kuyaandika. Wewe ulifanya nini?" Anataka niweke mafanikio yanayopimika. Sasa mimi sikuuza kitu, sikuleta mteja, sikuongoza watu. Nilipokea, nilipanga, niliandika. Namba nazitoa wapi bila kudanganya? Naomba kuwasilisha.

Kasi77

Mkuu, mbona rahisi. Kila mstari upachike asilimia. "Niliongeza ufanisi wa stoo kwa 40%." "Nilipunguza upotevu kwa 60%." Macho ya msomaji yanakimbilia tarakimu, maneno yanayaruka. Nilifanya hivyo na ndani ya mwezi nikaitwa kwenye usaili mara mbili.

Mlinda Rafu

Na huko kwenye usaili hawakuuliza hizo asilimia zimetoka wapi?

Kasi77

Sehemu moja waliuliza, nikajikanyaga. Kazi sikupata. Lakini niliitwa, na wewe shida yako ni kuitwa.

Nyota ya Jioni

Ndugu, ondoa picha, punguza iwe kurasa mbili, tumia mwandiko mmoja tangu juu hadi chini. Watu wengi CV zao zinatupwa kwa sababu ya rangi rangi.

Mlinda Rafu

Asante dada, mpangilio nitaurekebisha. Kwa sasa kilichonikwamisha ni yale yaliyoandikwa ndani.

Kalamu Nyekundu

Nimechambua maombi ya kazi kwa zaidi ya miaka 10, mengi yakiwa ya stoo, manunuzi na usafirishaji. Kasi77 ana nusu ya ukweli: tarakimu inavuta jicho. Ila "ufanisi kwa 40%" ni ufanisi wa nini? Ulitoka ngapi ukafika ngapi, na nani alihesabu? Nikikutana na mstari wa namna hiyo naweka alama pembeni, na siku ya usaili ndilo swali langu la kwanza.

Mlinda Rafu, kwanza acha kutafuta namba. Shika jukumu moja, ujiulize: ningeliacha kwa mwezi mzima, kingeharibika nini? Kile ambacho kingeharibika ndicho kinachopimika. Mtu asipotunza kumbukumbu, kadi itasema kuna mikanda 12, ukienda kwenye rafu unakuta 9. Kwa hiyo kipimo cha "kutunza kumbukumbu" ni pengo kati ya kadi na rafu, na kila stoo inayohesabiwa ina namba ya pengo hilo.

Nijibu matatu. Mlikuwa mnahesabu stoo nzima kila baada ya muda gani? Mlikuwa na aina ngapi za vipuri? Na hesabu ya kwanza iliyokukuta ilitoka na tofauti ngapi?

Mlinda Rafu

Kila miezi mitatu. Aina zilikuwa karibu 800.

Hesabu ya kwanza siwezi kuisahau. Aina 32 hazikulingana na kadi, na msimamizi alinitaka niandike maelezo ya kila moja kwa mkono. Nilijaza karatasi mbele na nyuma, na sehemu kubwa niliandika "sababu haijulikani", kwa sababu kweli nilikuwa siijui. Fundi alichukua kitu miezi miwili nyuma, nani atakumbuka?

Baada ya hapo nikajiwekea utaratibu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la kutolea mzigo, nahesabu aina 40 na kulinganisha na kadi. Nikikuta tofauti naifuatilia siku hiyo hiyo. Siku 20 za kazi, nimeizunguka stoo yote. Hesabu ya robo mwaka iliyofanyika mwaka mmoja baada ya ile ya kwanza ilitoka na tofauti 8. Baadaye ukaja mfumo wa kompyuta, zikafika 5. Kwa hiyo niandike kutoka 32 hadi 5?

Kalamu Nyekundu

Hapana, ishia kwenye 8. Kutoka 32 hadi 8 mfumo ulikuwa haujafika, na kilichobadilika ni wewe kuhesabu kila asubuhi. Kutoka 8 hadi 5 huwezi kuutenganisha mchango wako na wa kompyuta. Ukiidai na hiyo, msaili anayejua stoo atakuuliza mfumo uliingia lini, na jibu lako litaitia doa hata ile sehemu ambayo ni yako kabisa.

Sasa hesabu. 32 kati ya 800 ni 4%, na 8 kati ya 800 ni 1%. Unaweza kusema tofauti zilipungua kwa 75%, au usahihi wa kumbukumbu ulipanda kutoka 96% hadi 99%, au aina zisizolingana zilitoka 32 zikawa 8. Zote ni kweli, ila hazina uzito sawa. "75%" ikisimama peke yake inaweza kuwa mtu aliyetoka tofauti 4 akafika 1 kwenye kabati la ofisi. "32 hadi 8 kati ya 800" inaonyesha stoo ilikuwa kubwa kiasi gani, ilikuwaje ulipoikuta na ulipoifikisha. Ukiomba kazi ya stoo, ongeza na usahihi, maana wasimamizi wa stoo wanazungumza kwa lugha hiyo.

Kuna njia ya kuunda mstari iliyoenezwa na Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi pale Google: nilifanikisha jambo fulani, likapimwa kwa kipimo fulani, kwa kufanya kitu fulani. Wengi wanaandika viwili vya kwanza na kuacha cha tatu. Mimi hicho cha tatu ndicho nakitafuta, kwa sababu ndicho unachoweza kuja kukirudia kwangu. Ningeandika hivi:

"Nilipunguza aina zisizolingana na kadi kutoka 32 hadi 8 kati ya 800 ndani ya mwaka mmoja, kwa kuanzisha hesabu ya aina 40 kila asubuhi, usahihi wa kumbukumbu ulipanda kutoka 96% hadi 99%."

Matokeo yatangulie. Msomaji mwenye rundo la maombi mezani anasoma maneno machache ya mwanzo wa kila mstari, kisha anaamua kama ataendelea.

Mkaguzi wa Zamu

Kaka Kalamu, mstari ni mzuri ila kuna jambo. Mimi nafanya ukaguzi. Aina moja kutofautiana kwa boliti mbili na aina nyingine kutofautiana kwa katoni nzima, kwenye hesabu yenu kila moja ni "tofauti moja". Vipi kama zile 24 zilizoondoka zilikuwa za boliti, na 8 zilizobaki ndizo zenye fedha?

Kalamu Nyekundu

Hoja nzito, na ndiyo sababu nimeandika "aina" wala sikugusa neno "thamani". Mlinda Rafu, unakumbuka zilikuwa za thamani gani?

Mlinda Rafu

Sikumbuki. Na karatasi za hesabu zilibaki kazini, sikuzichukua.

Kalamu Nyekundu

Ulifanya vyema kutozichukua, si mali yako. Idadi ya aina na asilimia ya usahihi kwa kawaida haimwumizi mtu, lakini thamani ya mzigo au bei za wasambazaji ni siri ya mwajiri wako wa zamani, hata ukizikumbuka usiziweke.

Dada wa Mapokezi

Samahani naingilia. Mimi nilikuwa mapokezi miaka sita. Hakuna kadi, hakuna rafu. Nilikaribisha wageni na kupokea simu. Nami nina pengo gani la kupima?

Kalamu Nyekundu

Dada, daftari la wageni lilikuwepo? Kwa siku ya kawaida lilijaa kurasa ngapi?

Dada wa Mapokezi

Kama kurasa mbili. Kila ukurasa una mistari 25, ila wa pili ulikuwa haujai wote.

Kalamu Nyekundu

Basi ni wageni 40 hadi 50 kwa siku, na unaweza kueleza umezipataje. Andika "takriban" na uweke kiwango cha chini na cha juu. Usiandike 47, kwa sababu namba kamili kupita kiasi kwa kitu ulichokikadiria inaonekana ya kubuni. Lakini nikuambie wazi, huo ni ukubwa wa kazi, bado si mafanikio. Unanisaidia kujua ulizoea wingi gani. Ulibadilisha chochote pale mezani?

Dada wa Mapokezi

Hapana. Nilikuta utaratibu mzuri, nikaufuata miaka sita bila malalamiko. Hilo halihesabiki?

Mkaguzi wa Zamu

Linahesabika. Si kila kazi inataka mtu wa kubadilisha mambo.

Kalamu Nyekundu

Kwangu linahesabika kama una namna ya kuonyesha hayo malalamiko hayakuwepo, mfano tathmini za kila mwaka. Bila hivyo ni neno lako tu. Najua wenzangu wengine hawakubaliani nami hapa.

Mlinda Rafu

Nimeandika upya. Ripoti ya mwezi nimejaribu kuitafutia kipimo nikashindwa: nilikuta inaandikwa hivyo, nikaiacha hivyo. Je, niibuni vizuri?

Kalamu Nyekundu

Usiilazimishe. Iunganishe na mstari mwingine kwa maneno machache ili wajue unaijua, basi. Ile ya "kazi nyingine kadiri nitakavyoelekezwa" ifute, haina habari yoyote ndani yake. Upokeaji wa mizigo je?

Mlinda Rafu

Huko nina namba. Yalikuja magari 10 hadi 12 kwa wiki, nami nilikuwa na msaidizi mmoja. Sasa inasomeka hivi:

– Nilipunguza aina zisizolingana na kadi kutoka 32 hadi 8 kati ya 800 ndani ya mwaka mmoja, kwa kuanzisha hesabu ya aina 40 kila asubuhi. Usahihi wa kumbukumbu ulipanda kutoka 96% hadi 99%.
– Nilipokea na kukagua mizigo ya magari 10 hadi 12 kwa wiki nikiwa na msaidizi mmoja, na kuandaa ripoti ya stoo kila mwezi.

Kasi77

Mistari minne imekuwa miwili. Haitaonekana kama hukufanya kazi?

Kalamu Nyekundu

Mimi ningemwita huyu wa miwili.

Mlinda Rafu

Mkaguzi, swali lako limeninyima usingizi, leo nimempigia msimamizi wangu wa zamani. Utaratibu wa asubuhi anaukumbuka, na amekubali nimweke kama mdhamini. Kuhusu thamani, anakumbuka kitu kimoja: katoni nzima ya filta za oili iliyopotea kwenye hesabu ile ya kwanza, na kwamba haikujirudia. Nyingine hazikumbuki.

Mkaguzi wa Zamu

Hiyo katoni usiiandike. Baki nayo kichwani. Wakikuuliza swali langu, anza nayo, kisha uwaambie thamani ya zilizobaki hukuipima.