Mjadala: Mishahara haifanani, wanandoa tuchange vipi?

Mwalimu wa Tabata: Tumefunga ndoa mwaka huu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, baada ya makato yote naingiza 700,000 mkononi. Mume wangu yuko kampuni ya mizigo, mkononi anapata 1,400,000. Tumepiga hesabu ya nyumba nzima, kodi, chakula, LUKU, nauli na dada wa kazi, inafika 1,200,000 kwa mwezi. Yeye anataka mishahara yote iingie akaunti moja. Dada yangu anasema kila mtu abaki na yake. Mwenzangu kazini anasema tuchange kwa uwiano wa mishahara. Nani amewahi kufanya akaona matokeo?

Baba Nasra, Tanga: Binti yangu, mnajipa kazi bure. Matumizi ya nyumba ni ya mume. Mali ya mke ni yake, akitoa ametoa kwa hiari yake na ana thawabu zake. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo nilivyoishi na mama Nasra. Mimi mshahara wake hata sikuwahi kuuliza ni kiasi gani.

Mhasibu wa Mbagala: Mzee wangu, heshima yako. Lakini kwa kodi za Dar wengi wetu mshahara mmoja hautoshi, na dada huyu ameshakubali kuchanga. Tumwekee hesabu.

Mkigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 600,000. Dada unabaki na 100,000, mwenzako 800,000. Nyumba moja, lakini mmoja hawezi kununua viatu bila kuomba. Kwa uwiano, yeye anapata mara mbili yako, kwa hiyo unatoa 400,000 naye 800,000. Unabaki na 300,000, yeye 600,000. Hapo kuna nafuu.

Ipo na njia ya tatu ambayo watu hawaitaji: toeni matumizi kwanza, kinachobaki mgawane sawa. Jumla yenu ni 2,100,000, mkitoa 1,200,000 zinabaki 900,000, kila mtu 450,000. Akaunti ya pamoja ya mume wako ikitumika kwa haki, matokeo yake ndiyo hayo. Kwa hiyo wazo lake si baya kwako kwa tarakimu. Swali ni nani atakuwa anatoa hela humo, na kwa saini ya nani.

Mama Wawili: Hilo la saini lishike sana mdogo wangu. Sisi fomu ya benki tulisaini kwamba yeyote kati yetu anaweza kutoa. Hatukusoma, tulikuwa na haraka. Siku ada ya mtoto inatakiwa nakuta akaunti imebaki na elfu chache, kumbe mwenzangu kamkopesha rafiki yake wa biashara. Benki haikuwa na kosa, saini yake ilitosha. Tulipofungua nyingine tuliandika saini zote mbili. Usumbufu wake ni kwamba akisafiri, hela haitoki.

Kijana wa Kimara: Hizi hesabu za nini? Sheria inasema kila kilichopatikana ndani ya ndoa ni nusu kwa nusu. Mkiachana mnagawana, basi.

Wakili Mwanza: Kaka, hapo ndipo wengi wanapoumia. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi nusu kwa nusu. Kifungu cha 60 kinaanzia kwenye jina: mali iliyo kwa jina la mmoja, mahakama inaanza kwa kuichukulia kuwa ni yake, na anayesema vinginevyo ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Ikiwa kwa majina yote mawili, inachukuliwa kuwa haki zenu ni sawa. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Kazi za nyumbani nazo ni mchango, Mahakama ya Rufani ililisema hilo mwaka 1983 kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Lakini watu wanasahau mwisho wake: yule mama hakuongezewa kitu, kwa sababu ilionekana mume alikuwa amempa fedha na hakuzitumia vizuri.

Ndiyo maana, dada, nisingehangaika sana na asilimia. Ningeuliza hela ya nani inanunua nini. Nimeona nyumba nyingi mke analipa chakula, LUKU na dada wa kazi, mume ananunua kiwanja na tofali. Kwa mwezi wanachangia kwa haki kabisa. Baada ya miaka kumi, hela ya mke imeliwa yote na haina hata karatasi, ya mume imesimama ukutani na ina hati yenye jina lake.

Muuza vifaa Buguruni: Mimi sina mshahara. Mwezi wa mvua naweza kuingiza 300,000, kiangazi watu wakijenga nafika 2,000,000. Uwiano wenu mimi unanipitaje?

Mhasibu wa Mbagala: Kwako uwiano wa kila mwezi hauwezekani, mtagombana. Shika mwezi wako mbaya kabisa, uwiano uanzie hapo, kiasi hicho usikose kukitoa. Mwezi mzuri ukija, ziada iwekeni kwenye akaunti ya pamoja ya ada na ujenzi.

Mwalimu wa Tabata: Wakili, umenigusa. Mume wangu ana kiwanja Chanika, alikinunua kabla hajanioa, hati ni yake peke yake. Mwakani tunataka kuanza msingi, na amesema mimi nibebe chakula ili yeye abaki na hela ya kujengea.

Wakili Mwanza: Kiwanja alikuja nacho, sawa. Lakini kifungu hichohicho cha 114 kinahesabu pia mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine, au kwa nguvu za wote wawili. Tatizo ni kuthibitisha. Badilisheni majukumu: sehemu ya hela yako iende kwenye saruji na nondo, kwa simu yako au benki, risiti ziwe na jina lako, naye abebe chakula kwa kiasi hichohicho. Jumla haibadiliki hata shilingi. Bora zaidi ni jina lako kuingia kwenye hati.

Baba Nasra, Tanga: Wakili, hayo ni maneno ya talaka, na hawa wameoana juzi. Mke akianza kukusanya risiti, mume naye ataanza kuficha mshahara.

Mama Wawili: Mzee wangu, si talaka tu. Mume akifariki, ndugu wanakuja kwenye mirathi na swali lao la kwanza ni jina la nani liko kwenye hati. Dada yangu yalimkuta hayo, na ndoa yake ilikuwa ya amani.

Mwalimu wa Tabata: Nimewasikia nyote. Kuna jingine: kila mwezi yeye anatuma 200,000 kwa wazazi wake Iringa. Anataka itolewe kwanza ndipo tupige uwiano.

Mhasibu wa Mbagala: Ikitolewa kwanza, kipato chake kinahesabiwa 1,200,000, na mchango wako unapanda kutoka 400,000 hadi kama 442,000. Maana yake katika ile 200,000, kama 42,000 ni zako. Mimi ningesema itoke kwenye 600,000 zinazobaki kwake.

Muuza vifaa Buguruni: Hapana kaka. Wazazi si matumizi ya anasa. Wazazi wa mume ni wazazi wa mke. Itoke kwanza, na wazazi wa dada nao wapelekewe kabla ya hesabu.

Mwalimu wa Tabata: Wangu wamebaki mama tu, na yeye ana pensheni, hajawahi kuniomba. Ndiyo maana nashindwa kusema chochote.