Tupeane uzoefu: ndege uliyempiga foto, kisha foto ikafutika

Mwana wa Muhumba
Jana mtu alinionyesha foto ya ndege wa hapa Ziwa Kivu, roho ikaniuma upya. Mwezi uliopita nilikuwa Muhumba pembeni ya maji, saa moja asubuhi, kandege kamoja kakatua kwenye utete hatua tano mbele yangu, nikapiga foto tatu safi kabisa. Jioni mutoto wangu wa miaka 6 akataka nafasi ya mchezo kwenye telefone, akafuta zote, akafuta mpaka kapu la vilivyofutwa. Iliyobaki iko kichwani tu. Mwili mdogo kuliko wa shomoro, lakini mudomo mrefu umenyooka kama sindano, mwekundu, unakaribia njiti ya kiberiti. Mgongo buluu ya kung'aa, tumbo chungwa, koo jeupe, na doa jeupe pembeni ya shingo. Kakajirusha majini, kakarudi na kitu, kakakipigapiga juu ya utete ndiyo kakameza. Kakiondoka kanatoa sauti moja nyembamba, tsiik, kanapita chini chini juu ya maji. Njo ndege gani? Na ninyi mliofutiwa, semeni.

Fundi Telefone Kadutu
Angalia folda ya WhatsApp Images/Sent, kama ulimtumia mtu iko pale.

Mwana wa Muhumba
Niliweka status tu, na masaa 24 yalishapita kitambo.

Mama Wawili
Batoto hawa! Wangu alifuta foto za arusi.

Papa wa Matete
Huyo ni mdiria. Kwa maelezo yako namwona yule mdogo wa matete, andika Corythornis cristatus ulinganishe. Lakini usikimbilie, ana mwenzake, Ispidina picta, watu wanawachanganya kila siku maana wote ni sentimita 12 au 13, mudomo mwekundu, buluu juu, chungwa chini, hata doa jeupe la shingo wanalo wote wawili. Tofauti iko juu ya jicho. Wa matete, kofia yake ya buluu yenye mistari myeusi inashuka mpaka kugusa jicho. Yule mwingine ana mkanda wa chungwa kati ya kofia na jicho, na shavuni ana zambarau kidogo. Unakumbuka pale juu ya jicho?

Mwana wa Muhumba
Papa, pale njo sikumbuke. Niliangalia mudomo.

Kijana Nguba
Mbona mnazunguka? Alijirusha majini, basi ni wa maji, imeisha. Yule mwingine anakula panzi porini.

Papa wa Matete
Umesema karibu sawa, mdogo wangu. Yule wa panzi anakaa mbali na maji mara nyingi, lakini siku moja moja anajirusha pia. Maji yanaongeza uzito, hayafungi kesi. Na msidanganywe na mudomo: mtoto wa yule wa matete ana mudomo mweusi, watu wanampa jina lingine kabisa.

Keshero Direkti
Mmenikumbusha ya kwangu. Mimi ni wa Goma, nilikuwa ndani ya mutumbwi na mama mmoja anapeleka samaki wadogo wa sambaza, beseni tatu zimejaa. Nikaona ndege mweusi na mweupe amesimama hewani, haendi mbele, anapigapiga mabawa tu na kichwa kimeinama, halafu pwaa! kama jiwe. Nikapiga foto, sikutosheka, akarudi tena, nikasimama. Mutumbwi ukalala upande, beseni mbili zikaenda, telefone ikaenda, mama akanikamata shati akisema huyu hashuki mpaka alipe. Ndege nikamsahau, nikakumbuka tu kifua kilikuwa na mikanda miwili myeusi.

Mama Wawili
Ulilipa??

Kijana Nguba
Sambaza ya beseni mbili ni pesa. Jibu.

Keshero Direkti
Nililipa kwa wiki tatu, kila Jumatatu.

Papa wa Matete
Mikanda miwili ni dume. Jike anao mmoja, tena umekatika katikati. Huyo naye ni mdiria, mkubwa mara mbili ya wa Muhumba.

Fundi Telefone Kadutu
Mwenye thread, acha kupiga foto mpya, programu ya kurudisha inaweza kuipata.

Kijana Nguba
Baada ya mwezi mzima? Unamuuzia hewa.

Mwana wa Muhumba
Nimefanya hivi: nimemwita huyo mufutaji, nikampa biki, namwambia chora kandege ulikofuta. Amechora mudomo mrefu kuliko mwili, na kofia ya mistari imefika mpaka kwenye jicho, hakuna nafasi.

Papa wa Matete
Ulimuuliza juu ya jicho kabla hajachora?

Mwana wa Muhumba
Hapana. Lakini biki ilikuwa moja tu, ya buluu.