Wajukuu wa Kajunjumele

Dada Atu 12:47
Habari za mchana wana ukoo. Kibanda cha uwakala cha Neema kimekwama tena, na leo ni siku ya mnada! Wateja wanageuka wanaenda kwa jirani. Kila mmoja amtumie 50,000 kabla ya saa nane. Mimi nimeshatuma.

Dada Atu 12:59
Naona mmesoma. Tiki za bluu hazidanganyi.

Lusajo 13:05
Mwezi wa tatu tulimpa milioni mbili. Ziko wapi?

Neema 13:08
Zipo kaka. Asubuhi nimefungua na keshi 1,200,000 na floti 800,000 kwenye simu. Wanunuzi wa mpunga wanawalipa wakulima kwa simu, na mkulima anataka noti mkononi. Mpaka saa sita nimetoa 1,150,000. Sasa droo ina 50,000, floti 1,950,000. Jumlisha mwenyewe.

Lusajo 13:10
Milioni mbili kamili. Sasa unalilia nini?

Neema 13:12
Mtu akitoa, hela yake inaingia kwenye laini ya uwakala, mimi nampa noti. Floti inapanda, droo inashuka. Yuko mzee hapa mbele yangu anataka 300,000. Nimpe nini?

Tuma 13:12
Mwonyeshe salio 😂😂

Dada Atu 13:13
Tuma, acha utani. Wengine tumeni hizo 50,000.

Neema 13:15
Dada, ya kwako imeingia kwenye laini yangu ya kawaida, asante sana. Lakini nikitaka kuitoa, naitoa kwa wakala gani? Kwa Neema?

Tuma 13:15
Neema akitoa kwa Neema, droo ya Neema inabaki sifuri 🤣

Dada Atu 13:18
Mimi nilijua umeishiwa floti. Wakala wa hapa kwangu Mbagala kila siku ni "floti imeisha".

Neema 13:21
Huko watu wanaweka zaidi. Mteja anakuletea noti, unamtumia floti yako, jioni droo imejaa na simu imekauka. Huku kwetu hela mnatuma ninyi, sisi tunatoa. Mzee ameshaondoka.

Baraka 13:30
Dawa ni kuongeza mtaji, basi.

Neema 13:33
Mtaji ukija kwenye simu hautanisaidia leo. Ukija kwa noti, nitakwama saa tisa badala ya saa sita. Kinachotakiwa ni mtu aende Kyela mjini kwa wakala mkuu. Namrushia floti 1,000,000, anamhesabia noti, zinaletwa hapa. Nikienda mwenyewe nafunga kibanda.

Shangazi Suma 13:36
Ndiyo maana juzi mmoja alinikatalia kuweka Airtel, eti hana floti, na M-Pesa anayo! Nilimsema sana.

Neema 13:37
Shangazi, alisema kweli. Kila mtandao una laini yake, floti hazichanganyiki.

Shangazi Suma 13:37
Mh. Na nilimsema mbele za watu.

Lusajo 13:41
Badilisha floti yote iwe noti, tumalize.

Neema 13:44
Jioni mnada ukiisha, wenye maduka wanaleta mauzo yao kuweka. Nikiwa sina floti nawageuza na hao. Na mteja nikimgeuza sina kamisheni.

Dada Atu 13:46
Pikipiki ya ukoo ingekuwepo, sasa hivi tungekuwa tumeshamaliza.

Lusajo 13:47
Nilijua tutafika huko. Muulizeni aliyekuwa na ufunguo siku ya msiba wa Tukuyu.

Dada Atu 13:47
Ufunguo ulikuwa kwa nani, Lusajo?

Tuma 13:48
Nakaa mkao wa kula 🍿

Baba Mkubwa 14:02
Ambakisye apande bodaboda aende mjini. Neema asitume floti mpaka Ambakisye awe amesimama mezani kwa huyo wakala mkuu, na noti zihesabiwe hapo hapo. Habari ya pikipiki isirudi humu mpaka niite kikao.

Dada Atu 14:03
Sawa Baba Mkubwa.

Lusajo 14:09
Sawa baba.

Dada Atu 14:25
Ambakisye??

Dada Atu 14:50
Ambakisye simu yako inaita tu.

Ambakisye 15:34
Nilikuwa shambani, simu nimeiacha nyumbani. Niende? Nauli kwenda na kurudi ni 10,000, naipata wapi?

Neema 15:38
Wenye maduka wameanza kuja. Wameweka 350,000, droo sasa ina 400,000 na floti 1,600,000. Sijui aende au tungoje.

Dada Atu 15:39
Baba Mkubwa amesema aende.

Neema 15:40
Alisema droo ikiwa na 50,000.

Lusajo 15:44
Aende, lakini abadilishe laki tano tu. Kesho asubuhi utazihitaji.

Ambakisye 15:52
Na nauli?

Baraka 15:58
Neema nimekutumia 50,000 kwenye simu, nimewahi?