“Ndoo ni tupu, unashindwa nini?” Nimedhalilishwa mbele ya kikao

Mchovu_wa_Seva: Wakuu, mnamfahamu, sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye hajagusa kibodi tangu enzi za disketi, lakini kazi ya kila mtu anaijua. Leo asubuhi, skrini yangu ikiwa ukutani mbele ya watu tisa, alisema: “Ndoo ni tupu, unashindwa nini kuitupa?” Hata aliyeleta chai alicheka.

Nilikuwa nimefuta faili zote 1,200 za ndoo yetu ya S3, ile hifadhi ya faili ya Amazon, kwa `aws s3 rm` pamoja na `--recursive`, na `aws s3 ls` haikuonyesha hata moja. Nilipotaka kuiondoa ndoo yenyewe, nikajibiwa `BucketNotEmpty`. Ni yeye aliyeagiza ndoo hiyo itunze matoleo ili tusipoteze kitu, na sasa hatupotezi kitu hata tukitaka! Ndoo ni tupu, eti. Mbele ya mleta chai.

Kobe_Mtandaoni: Pole, ndugu, ingawa mleta chai ana haki ya kucheka. Zima utunzaji wa matoleo, kisha ufute upya.

Bibi_Terminali: Kuzima hakuondoi matoleo yaliyokwisha kutunzwa, mwanangu. Ulipofuta, hukuondoa chochote. Uliweka alama ya kufuta juu ya kila faili, na `ls` haioni kilicho chini ya alama. Tazama mwenyewe:

```
aws s3api list-object-versions --bucket JINA
```

Utaona mafungu mawili, `Versions` na `DeleteMarkers`. Ikiwa kila faili ilikuwa na matoleo matatu, una matoleo 3,600 na alama 1,200, yaani vitu 4,800. Kila kimoja hufutwa kwa kutaja `VersionId` yake, na kwa kuwa `delete-objects` hupokea visivyozidi 1,000 kwa ombi moja, ni maombi matano. Anza na matoleo, kwa maana ukitangulia kuondoa alama, faili zitafufuka.

Mchovu_wa_Seva: Zimefufuka. Nilianza na alama, naye alikuwa bado amesimama nyuma yangu. “Kumbe haikuwa tupu,” akasema.

Kobe_Mtandaoni: Hahaha! Mpeni na chai.

Fundi_Wa_Usiku: Mimi siandiki skripti kwa kazi hiyo, naweka kanuni za `Lifecycle` zifute matoleo yote baada ya siku moja. Tatizo ni kwamba hiyo “siku moja” yangu ilichukua siku nne, na mkubwa wangu alinipigia simu kila asubuhi.

Bibi_Terminali: Kanuni hizo hufanya kazi nyuma ya pazia kwa wakati wake. Anayesubiriwa kikaoni hazimfai.

Nahodha_Mkavu: Nyote mna bahati. Kwetu mtu aliwasha `Object Lock` katika hali ya `COMPLIANCE` kwa miaka 7, akaacha kazi mwezi uliofuata. Hata mwenye akaunti kuu hawezi kufuta toleo lililofungwa hivyo, na kila mwezi tunalipia picha za sherehe ya ofisi.

Kobe_Mtandaoni: Sherehe ipi? Tupieni picha.