Naombeni ushauri: nimeuliza bei ya tangazo redioni, nimejibiwa "laki sita", sielewi nanunua nini

BintiMakambako:
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la pembejeo hapa Makambako: mbegu chotara za mahindi, mbolea na dawa za mimea. Msimu wa mvua huku kwetu ni mmoja tu. Mvua zikigusa mwezi Novemba watu wanapanda, na katikati ya Desemba anayekuja kununua mbegu ni aliyechelewa au aliyerudia shamba. Biashara yangu ya mwaka mzima inaamuliwa na wiki chache hizo.

Mwaka huu nimeamua kutangaza kwenye redio ya mkoani. Nimetenga laki 6 na haiongezeki. Niliandikia namba ya ofisi yao ya mauzo kwa WhatsApp: "Habari, naomba kujua bei ya tangazo." Wakajibu: "Karibu sana. Kifurushi cha mwezi ni spoti 90 kwa 600,000. Ukilipia leo tunaanza kesho." Nikauliza zitakuwa zinaruka saa ngapi, nikaambiwa "siku nzima."

Nimegawa, naona kila tangazo linakuja kama shilingi 6,667. Rahisi, lakini moyo unasita. Nilipie, au kuna mambo nilitakiwa kuuliza kwanza?

Kijana_wa_Mafinga:
Lipia dada. Tangazo ni kurudia. Mtu akisikia jina la duka mara moja anasahau, akisikia mara 90 hata mtoto wake analikariri. Mimi nina duka la simu, nilichukua kifurushi kama hicho na watu walikuja. Cha msingi wape namba ya simu isomwe taratibu.

Mzee wa Uyole:
Binti yangu, mimi nilipotelewa na hati ya kiwanja nikalazimika kutangaza gazetini. Kule hawakuuzii "tangazo", wanakuuzia ukubwa. Wanahesabu safu ngapi kwa upana na sentimita ngapi kwa urefu, wanazidisha, halafu wanapiga mara bei ya sentimita moja. Tangazo langu lilikuwa safu 2 kwa sentimita 10, nikalipia 20. Niliandika maelezo marefu, yule dada wa mapokezi akanisaidia kuyapunguza na bei ikashuka. Kwa hiyo punguza maneno yako.

BintiMakambako:
Shikamoo mzee wangu, asante. Ila mimi ni redio, sio gazeti.

Mzee wa Uyole:
Marahaba. Nimeelewa ni redio. Nasema ujue kwanza wanapima kwa kipimo gani. Gazeti ni sentimita, redio lazima nao wana chao.

MezaYaMauzo:
Mzee amegusa penyewe. Kipimo cha redio ni sekunde na saa ya siku, na vyote viwili havimo kwenye ujumbe wako, dada. Usilipe bado.

Nimekaa ofisi ya mauzo ya redio miaka 9, sasa nimetoka. Ukiandika "naomba kujua bei ya tangazo", aliyepokea hana cha kukupigia hesabu. Hajui tangazo lina urefu gani, linaanza lini, unamtafuta nani. Anakupa kifurushi kilichokaa tayari, na kifurushi ndiyo njia ya kuuza nafasi zilizobaki. Kipindi cha asubuhi na dakika za kuzunguka taarifa ya habari ya saa 2 usiku zinachukuliwa mapema na wateja wakubwa. "Siku nzima" maana yake mpanga ratiba anachomeka tangazo lako popote panapobaki wazi, na sehemu kubwa ya panapobaki ni mchana na usiku wa manane. Hajakuibia, ndiyo maana bei iko chini. Lakini mkulima wa Wanging'ombe saa 5 asubuhi yuko shambani na saa 7 usiku amelala.

Kijana wa Mafinga yuko sahihi kuhusu kurudia, ila kurudia kunafaa kwa masikio yaleyale. Wateja wa simu wako mjini, redio inalia dukani na kwenye bajaji kutwa nzima. Kwa duka la simu "siku nzima" inaweza kukubali. Kwa mbegu haikubali.

Waandikie upya, safari hii kwa barua pepe ili kila kitu kibaki kwenye maandishi. Andika hivi:

"Kwa Idara ya Mauzo. Nina duka la pembejeo Makambako. Nahitaji kurusha tangazo la sekunde 30, mara 3 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa wiki 2 kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Ninaowalenga ni wakulima wa Njombe na Wanging'ombe. Naomba bei ya spoti moja kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, na kati ya saa 1 na saa 3 usiku, na mniambie ni nafasi zipi bado zipo wazi kwa tarehe hizo. Bei hiyo ina VAT au bado? Gharama ya kurekodi ni kiasi gani, na sauti ikishalipiwa naweza kuipeleka redio nyingine? Spoti isiyoruka mnaifidia vipi? Mtanipa ripoti ya urushaji? Mwisho wa kuleta sauti ni lini?"

Swali la VAT usiliache. Orodha nyingi za bei zimeandikwa kabla ya kodi. Ile 600,000 ukiongeza asilimia 18 inakuwa 708,000, yaani tayari umepitiliza kwa 108,000, na kurekodi hakujaingia.

Kijana_wa_Mafinga:
Hiyo ya VAT kweli, mimi niliongezewa mwishoni na nikabishana nao sana.

Nyota_ya_Ilembula:
Kuna njia fupi. Mtafute mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, mpe kitu kidogo, atakutaja katikati ya stori zake. Watu wanamwamini mtangazaji kuliko tangazo la kurekodi.

MezaYaMauzo:
Kutajwa na mtangazaji kunafanya kazi, sibishi. Lakini inauzwa na ofisi kama spoti zinavyouzwa, mara nyingi kwa bei ya juu zaidi. Ukimpa mkononi huna risiti, haupo kwenye ratiba, na akiumwa au akihamishwa kipindi hela yako imekwenda naye. Uliza ofisini bei ya kutajwa, iandikwe kwenye profoma.

BintiMakambako:
Wakuu, nimetuma kama MezaYaMauzo alivyosema na nimejibiwa baada ya siku mbili. Nashangaa, ni ofisi ileile lakini safari hii wameniletea karatasi nzima. Asubuhi na usiku spoti ya sekunde 30 ni 12,000 kabla ya VAT. Kurekodi 60,000. Asubuhi ya wiki ya kwanza imebaki nafasi moja tu kwa siku, usiku zipo mbili. Sauti iwafikie siku 3 za kazi kabla.

Nimepiga hesabu hivi: siku 12 mara 3 ni spoti 36, sawa na 432,000. Weka kurekodi, 492,000. Ongeza VAT, 580,560. Inabaki 19,440. Ni spoti 36 badala ya 90, roho inauma kidogo, ila sasa najua kila moja inaruka lini. Nipo sawa?

MezaYaMauzo:
Upo sawa. Chukua ile moja ya asubuhi na mbili za usiku. Waombe waziweke usiku moja kabla ya habari na moja baada, zisifuatane.

Sasa maandishi ya tangazo. Sekunde 30 za Kiswahili kinachosikika vizuri ni maneno kama 60, maana maneno yetu ni marefu. Namba ya simu ikisomwa tarakimu kwa tarakimu inakula kama sekunde 5, mara mbili ni 10. Theluthi ya tangazo imeondoka. Kwa duka ambalo mtu lazima afike, namba isomwe mara moja, muda uliobaki eleza duka lilipo: jirani na nini, stendi gani. Lisome kwa sauti ukiwa na saa ya simu kabla hujawapelekea.

Afisa_Shamba:
Nyongeza dada. Mbolea ya ruzuku ina bei elekezi, usiitangaze kama punguzo lako. Na beba nakala za usajili wako wa mbolea wa TFRA na wa mbegu wa TOSCI, wakiziomba uwe nazo mkononi.

Mama_Lupembe:
Samahani kuingilia. Mimi niliwahi kutangaza vifaranga kwenye redio moja, siitaji, nikaambiwa inasikika wilaya zote. Huku kwetu milimani haikamati kabisa, ni mikwaruzo mitupu. Niliokuwa nawatafuta hawakusikia hata neno. Je, hilo analiulizaje?

MezaYaMauzo:
Pole sana mama. Hilo ofisi ya mauzo itakupa ramani, na ramani haioni mabonde. Mawimbi ya FM yanakwenda karibu na mstari ulionyooka. Mlima ukikaa katikati, nyuma yake hakuna kitu. Mjaribu mwenyewe: panda gari au bodaboda yenye redio, pita vijiji wanakotoka wateja wako, weka masafa yao saa 1 usiku. Kama huwezi kusafiri, pigia wateja watano wa vijiji tofauti uwaulize wanasikiliza redio gani jioni. Usiwatajie jina, waseme wenyewe.

BintiMakambako:
Nimepiga simu jana. Wanne kati ya watano wametaja hii redio. Wa tano ni wa Lupembe, kama mama alivyosema.

Swali la mwisho. Kwenye simu waliniuliza bajeti yangu ni kiasi gani, nikanyamaza. Nilitakiwa kusema?

Kijana_wa_Mafinga:
Usiseme hata siku moja. Ukitaja laki 6, bei inakuwa laki 6.

MezaYaMauzo:
Mimi nilikuwa naona tofauti. Mteja aliyetaja bajeti nilimtengenezea ratiba inayolingana nayo, asiyetaja nilimpa kifurushi. Ila siwezi kukuapia kwamba kila ofisa yuko hivyo. Ukishakuwa na bei ya spoti moja kwenye maandishi, kutaja hakukudhuru sana.

Kijana_wa_Mafinga:
Hapo hatukubaliani, mkuu.

BintiMakambako:
Nimewaandikia nikiomba profoma ya spoti 36, saa zikiwa zimetajwa moja moja. Kwenye fidia wamesema isiyoruka italipwa "siku nyingine". Nifanyeje hapo?

MezaYaMauzo:
Irudishe. Waandike "ndani ya tarehe za kampeni hii, saa ileile au bora zaidi." Spoti ya mbegu ikirushwa Januari haikusaidii kitu. Na wewe mwenyewe weka daftari dukani: mtu akija, muulize amesikia wapi, andika na tarehe. Ripoti yao ikija, ilinganishe na daftari.

BintiMakambako:
Nimeituma sasa hivi. Daftari nimenunua leo.