Tupeane uzoefu: umemaliza gemu zote kubwa, ndogo zipi zimekunasa?

Mzee_wa_Kondele
Wadau, habari za jioni. God of War nimemaliza, Red Dead 2 nimemaliza, Elden Ring nimelia nayo hadi mwisho. Sasa nikifungua gemu kubwa mpya naona ramani ileile na mishale ileile ya kunionyesha niende wapi. Mwezi jana jirani aliniwekea Return of the Obra Dinn na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nani mwingine amekumbana na gemu ndogo ya aina hiyo? Simulia.

Binti_Section58
Hiyo naijua vizuri, niliimaliza hapa Nakuru wakati wa mvua, stima ikipotea kila jioni. Imetengenezwa na mtu mmoja, Lucas Pope, ikatoka 2018. Ni mwaka 1807, meli iliyopotea imerudi bandarini bila mtu, nawe ni mkaguzi wa bima. Una saa ya mfukoni: ukiikaribia maiti, unasikia sauti za sekunde chache za mwisho, kisha unatembea ndani ya tukio lililoganda. Watu ni 60, na kila mmoja ueleze ni nani, alikufa vipi, na kama aliuawa, na nani.

Kilichoninasa ni machela, vile vitanda vya kuning'inia vya mabaharia. Nilikwama siku tatu kwa mabaharia wa kawaida, sura zote moja, hakuna anayemwita mwenzake jina. Kisha nikaona, katika tukio moja la chini ya sitaha, machela yamening'inizwa na kila moja ina kibao cha namba. Namba hizo ndizo za orodha ya wafanyakazi kwenye kitabu! Aliyelala hajaonyesha uso? Tazama mguu uliochomoza, angalia kiatu au soksi, kisha nenda tukio lingine umtafute mwenye kiatu hicho. Nilipiga kelele mama akadhani nimeshinda jakipoti.

Jabali_Bungoma
Dada, unajisumbua bure. Gemu inathibitisha majibu kwa mafungu ya matatu. Shika wawili unaowajua kwa uhakika, wa tatu unabadilisha majina hadi ikubali. Mimi nilimaliza wikendi moja.

Binti_Section58
Inafanya kazi, sikatai. Lakini kila jina ulilolipata hivyo umejinyima tukio lake. Na kwa wawili wanaofanana kazi na taifa, utazungusha majina na vifo pamoja hadi uchoke. Angalia picha ya mtu kwenye kitabu: ikiwa bado ina ukungu, dalili za kumtambua hujazipata, mwache. Ikitulia, anza kufikiri.

Mzee_wa_Kondele
Jamani! Hayo ya machela mngeficha. Mimi ndiyo kwanza nimefika watu 21.

Binti_Section58
Pole sana kaka. Sijasema ni tukio lipi.

Fundi_Kakamega
Uzuri wa gemu hizi ndogo ni kwamba hata laptopu yangu ya mtumba inazivumilia. Haina kadi ya picha, nacheza Obra Dinn bila shida.

Otis_wa_Milimani
Si zote, fundi. Obra Dinn ina rangi mbili tu kwa wakati mmoja na inakaa kwenye kama 2GB. Mimi nilijaribu Outer Wilds (2019) kwa laptopu ya namna hiyo, picha zikawa zinakatika kila napokaribia sayari. Nilihamia kwa binamu yangu mwenye mashine ya maana.

Hiyo nayo haina silaha mpya wala nguvu za kuongeza. Jua linalipuka kila baada ya dakika 22 na unaanza upya. Kinachobaki ni ulichokijua na kumbukumbu za chombo chako cha angani. Kuna sayari mbili jirani, mchanga unamwagika kutoka moja kwenda nyingine. Mapango ya ile inayopokea yanajaa, kwa hivyo unayaingia mapema. Minara ya ile inayotoa inafunuka baadaye, unaisubiri. Nilifukiwa mara sita kabla ya kuelewa kwamba kosa langu lilikuwa saa tu.

Jabali_Bungoma
Hiyo niliinunua! Nikakuta bunduki na mazungumzo marefu, nikaona mnanidanganya.

Otis_wa_Milimani
Umenunua The Outer Worlds, buda. Ilitoka mwaka huohuo. Yako ni ya bunduki kweli.

Jabali_Bungoma
Mungu wangu. Nimefika nusu yake.

Nyar_Ahero
Mimi hucheza ile ya mpira kwenye kibanda, dakika kumi kwa kila mtu. Kuna ndogo za hivyo, za watu wawili?

Mzee_wa_Kondele
Hapa tunazungumzia za kukaa peke yako, lakini swali lako ni zuri, sijui nani atalijibu. Binti, nikuulize bila kuharibu: yule mwenye tatuu, nimtambue kwa kazi au kwa lafudhi?

Binti_Section58
Tazama tena hizo tatuu, kisha mataifa yaliyo kwenye orodha. Simo zaidi ya hapo.